Mtihani wa kitabu wazi: swali lisibebe ufunguo wake

*"Nafundisha epidemiolojia katika chuo cha kati cha afya, darasa la wanachuo 64. Tangu mwaka jana majaribio yetu ya muhula ni ya kitabu wazi na simu zinaruhusiwa. Niliuliza: 'Eleza tofauti kati ya unyeti na umahususi wa kipimo, toa mifano.' Zaidi ya nusu ya darasa waliniletea mfano mmoja, neno kwa neno. Jaribio lililofuata nikaandika 'changanua' na 'tathmini' badala ya 'eleza', nikabana muda hadi dakika 40. Hali ikawa ileile, kilichoongezeka ni miandiko mibaya tu. Nitungeje swali ambalo desa haliwezi kulijibu?"*

Mwalimu, lichukue swali lako la kwanza ulisome kama anavyolisoma mwanachuo mwenye simu mkononi. Kitenzi hakimshughulishi. Macho yake yanakwenda kwenye majina: unyeti, umahususi, kipimo. Akiyaandika hayo matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, au akiyafuata kwenye vichwa vya habari vya desa lake, jibu linakuja likiwa limeshapangwa, mifano na yote. Swali lilimwonyesha mlango na ufunguo likamkabidhi. Ulipobadilisha "eleza" kuwa "tathmini", ufunguo ulibaki mkononi mwake.

Wengi wetu tulifundishwa utungaji wa mitihani kwa ngazi za Bloom za mwaka 1956, kukumbuka chini kabisa na kutathmini huko juu, tukapewa na orodha ya vitenzi vya kila ngazi. Ngazi zenyewe hazina ubaya. Tatizo ni pale tunapodhani kwamba ngazi imo ndani ya kitenzi. "Tathmini umuhimu wa umahususi katika vipimo vya malaria" linasikika kama swali la juu, lakini kuna watu wengi wameshafanya tathmini hiyo na kuichapisha. Mwanachuo wako hatathmini chochote, anahamisha tathmini ya mtu mwingine. Ngazi ya swali hupimwa kwa kazi inayobaki baada ya mwanachuo kupata kila kinachopatikana.

Kubana muda nako kunamuumiza asiye na kosa. Mwenye desa lililopangwa vizuri ananakili ukurasa kwa dakika tano. Anayekwama ni yule anayesoma swali mara mbili na kufikiri kabla ya kuandika. Njia ya tatu, ambayo hukuitaja ila nadhani ungeifikia, ni kutoa hesabu yenye namba mpya. Hiyo inasaidia kidogo, lakini kama fomula iko kwenye desa na swali linasema "kokotoa umahususi", kazi iliyobaki ni ya kikokotoo.

Kwa hiyo badilisha vitu viwili. Kwanza, toa jina la dhana kwenye swali, uweke hali ambayo dhana hiyo inahitajika, ili kuitambua iwe sehemu ya mtihani. Pili, geuza mwelekeo: kile ambacho desa hukitoa mwishoni, wewe kitoe mwanzoni, na uulize kile ambacho desa hukichukulia kwamba tayari kinajulikana. Niruhusu nikutungie swali kwenye mada yako hiyohiyo, tulifuate hadi kwenye alama.

Swali lingesomeka hivi:

> Zahanati ya Mlimani na Zahanati ya Ziwani zinatumia kipimo kilekile cha haraka cha malaria, kinachotafuta protini ya HRP2. Karatasi ya kipimo inasema: kati ya wagonjwa 100 wenye malaria, kinawaonyesha 95; kati ya watu 100 wasio na malaria, kinawaonyesha 5 kimakosa. Mwezi uliopita kila zahanati ilipima watu 1,000 wenye homa. Mlimani 68 walionyesha chanya, Ziwani 410. Kati ya hao 410, watu 31 walimaliza dozi ya dawa mseto ndani ya wiki tatu zilizopita. Mratibu anasema: "Kipimo kinapatia 95 kati ya 100, kwa hiyo watu kama 65 kati ya wale 68 wa Mlimani wana malaria kweli." Maabara ya wilaya inaweza kusoma slaidi 80 tu kwa mwezi kwa zahanati zote mbili. Mwandikie mratibu. Je, hesabu yake ni sahihi? Slaidi 80 zitumike kwa akina nani, na kwa nini? Ni taarifa gani moja ungeomba kwanza, ambayo ingeweza kubadilisha uamuzi wako?

Hakuna mahali palipoandikwa unyeti, umahususi, wala thamani ya utabiri, yaani uwezekano kwamba aliyeonyesha chanya ni mgonjwa kweli. Mwanachuo atakayebandika sentensi za swali kwenye kisanduku cha kutafutia huenda akapata maelezo ya kipimo cha malaria kwa jumla tu, nayo hayamsaidii kuanza. Lazima kwanza ajisemee, "Aa, hapa wanaongelea thamani ya utabiri." Akishalitambua hilo, kufungua desa ni halali yake, hata mimi ningefungua.

Hesabu yenyewe inakwenda kinyumenyume. Desa lolote hutoa idadi ya wagonjwa wa kweli kisha likauliza wangapi wataonyesha chanya. Hapa tuna walioonyesha chanya, tunatafuta wagonjwa. Tuseme wagonjwa wa kweli wa Mlimani ni x kati ya 1,000. Watakaoonyesha chanya ni 0.95 ya x, jumlisha 0.05 ya wale waliobaki:

```
0.95x + 0.05(1000 - x) = 68
0.90x + 50 = 68
x = 20
```

Wagonjwa wa kweli ni 20. Kati yao 19 walionyesha chanya na mmoja alipita. Wasio wagonjwa ni 980, na asilimia 5 yao ni 49. Kumi na tisa na 49 ni 68, hesabu imefunga. Maana yake, katika wale 68 ambao mratibu anadhani 65 ni wagonjwa, wagonjwa ni 19. Ziwani, kwa njia hiyohiyo, wagonjwa ni 400: chanya za kweli 380, za uongo 30, na kati ya watu 590 walioambiwa hawana malaria, 20 wanayo. Kipimo ni kilekile, namba za kwenye karatasi ni zilezile, lakini chanya ya Ziwani inaaminika mara 93 kati ya 100 na ya Mlimani mara 28. Tofauti ya namna hii si ya kubuni. Ukitoka Kigoma ukaenda Kilimanjaro, kiasi cha malaria kinatofautiana sana, na mwanachuo wako anaweza kupangiwa kazi popote.

Kosa la mratibu nimelichagua kwa makusudi. Ni kosa ambalo watu wenye akili timamu hulifanya kila siku: kuchukua "kati ya wagonjwa, wangapi huonyesha chanya" kana kwamba ni "kati ya walioonyesha chanya, wangapi ni wagonjwa". Ukimpa mwanachuo kauli yenye kosa linaloaminika, aliyeelewa ataliona na ataonyesha lilipo. Aliyekariri mara nyingi atakubaliana na mratibu, kwa sababu mratibu anaongea kama kitabu. Usiweke kosa la kijinga ambalo kila mtu analiona, maana hapo unapima macho.

Tuje kwenye slaidi, ambapo ndipo hasa swali linakuwa lako na si la mtandao. Chanya zote 68 za Mlimani zinaingia ndani ya 80, na kwa kuzisoma unategemea kuwapata watu 49 wanaotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao huku homa yao halisi ikiachwa. Chanya 410 za Ziwani haziingii, na hata zingeingia zingefichua 30 tu. Hasi 590 ndiyo kabisa. Kwa hiyo 68 zinakwenda Mlimani, zinabaki 12. Hapo ndipo wale watu 31 waliotoka kumaliza dozi wanapoingia. Protini ya HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa, hivyo chanya zao ni za kutilia shaka kuliko za wenzao wa Ziwani. Jambo hilo bila shaka limo kwenye desa lako, pengine mstari mmoja chini ya "mapungufu ya kipimo". Swali halimwambii mwanachuo alitafute. Limeacha tu jina la protini na idadi ya watu, likanyamaza.

Watu 31 hawaingii kwenye nafasi 12, na nimeacha hivyo ili asiwepo wa kupata jibu moja safi. Mmoja atasema tuwape waliomaliza dozi siku za karibuni zaidi. Mwingine atapunguza slaidi za Mlimani. Wa tatu atakumbusha kwamba hata hadubini huwakosa wenye vimelea vichache, na kwamba mtoto mwenye dalili za hatari hasubiri slaidi. Wote watatu wanaweza kupata alama kamili kwenye kipengele hicho wakitoa sababu inayotokana na namba.

Sasa alama, maana swali zuri huharibikia kwenye mwongozo wa kusahihishia. Kwa alama 20 ningegawa hivi: 2 kwa kutambua dhana na kuitaja kwa jina, 6 kwa hesabu ya kurudi nyuma ya zahanati zote mbili, 4 kwa kumweleza mratibu kosa lake kwa maneno anayoweza kuyaelewa, 5 kwa mgawo wa slaidi wenye sababu, na 3 kwa taarifa ya ziada. Angalia kinachoweza kunakiliwa: zile 2 za mwanzo, na labda moja au mbili za fomula. Ukitoa alama 8 kwa "ufafanuzi wa dhana" kwa sababu umezoea kufanya hivyo, umerudisha ufunguo mlangoni, na wanachuo watagundua kabla yako. Kwenye zile 3 za mwisho, taarifa kama "tarehe ya kumaliza dozi kwa kila mmoja wa wale 31" inastahili alama zote. "Ningeomba taarifa zaidi kuhusu wagonjwa" ni sifuri.

Kabla hujalitoa swali, lijaribu lisije likavuja. Mwombe mwenzako wa idara nyingine kabisa, mwalimu wa mawasiliano au wa ujasiriamali, akae na desa lako na simu yake kwa dakika 15 na ajibu. Msahihishe kwa mwongozo wako bila kumwonea huruma. Akivuka alama 8 kati ya 20, tafuta alipozipatia, maana hapo ndipo panapovuja. Mimi niliwahi kupuuza hatua hii. Nilichota kisa cha mlipuko kutoka kwenye mwongozo mmoja wa mafunzo, nikabadilisha majina ya vijiji, nikajiona mjanja. Mwanachuo mmoja alikipata kisa mtandaoni katikati ya mtihani, na majibu yalikuwa ukurasa uliofuata. Kisa tunga mwenyewe, kutoka kwenye rejesta unazozijua, na hakikisha hakuna wa kutambulika.

Kuna mambo ambayo aina hii ya swali huyaharibu, tusifichane. La kwanza ni lugha. Kama mitihani yenu ni ya Kiingereza, kisa cha ukurasa mzima kinapima Kiingereza kabla hakijapima epidemiolojia. Kisa kisizidi nusu ukurasa, sentensi ziwe fupi, na neno gumu lisilo la somo lako liondoe. Ukimwona mwanachuo mzuri wa darasani ameandika jibu zuri la swali ambalo hukuuliza, kosa huenda ni la maandishi yako.

La pili ni mshtuko. Darasa lililozoea "taja na ueleze" likikutana na mratibu na slaidi 80 kwa mara ya kwanza kwenye jaribio lenye alama, litaanguka, na hutajua limeangushwa na somo au na mgeni. Wiki mbili kabla, fanyeni darasani kisa kama hiki kwenye mada nyingine, kisha wape mwongozo wa kusahihishia wasahihishane. Hapo ndipo wanapoona kwa macho yao kwamba ufafanuzi mrefu ulionakiliwa umepata 2.

La tatu ni jasho lako mwenyewe. Karatasi 64 kwa dakika 12 kila moja ni karibu saa 13. Usitunge maswali matano ya namna hii. Tunga moja, lipe dakika 60 badala ya 40, na yale mambo ambayo mhudumu wa afya lazima ayajue bila kufungua kitu, kama dalili za hatari kwa mtoto, yapime kwa jaribio fupi la vitabu vimefungwa, dakika 10. Si kila kitu kinastahili kitabu wazi, na uongozi uliosema majaribio yote yawe hivyo unastahili kuambiwa.

La nne, swali lisilonakilika kutoka kwenye desa bado linanakilika kutoka kwa jirani. Simu inayofungua mtandao inafungua pia kundi la WhatsApp la darasa. Kupambana na hili, andaa matoleo matatu. La kwanza Mlimani ina chanya 68, la pili 86, la tatu 104. Wagonjwa wa kweli watakuwa 20, 40 na 60, namba zinafunga vizuri kote. Ila ukiziacha slaidi zikiwa 80 kwa wote, toleo la kwanza linatosheleza na mengine mawili hayatoshelezi, na hapo umewapa wengine mtihani mgumu zaidi. Weka slaidi 80, 100 na 120 kwa mpangilio huo, ugumu utakaribiana. Anayenakili kwa jirani atakuletea namba za toleo lisilo lake, na hilo huonekana mara moja.

Ukianza kusahihisha utajua haraka kama swali limefanya kazi. Angalia makosa kuliko majibu sahihi. Swali linalonakilika huzaa makosa ya ndugu: watu ishirini wamekosea mahali pamoja kwa maneno yaleyale. Swali hili huzaa makosa tofauti. Mmoja amesahau chanya za uongo, mwingine amegawanya 68 kwa 0.95, mwingine amefanya hesabu vizuri kisha akampa mratibu haki hata hivyo. Dalili nyingine ni namba ya chanya za Mlimani yenyewe, 68 kwa toleo la kwanza. Jibu ambalo halina namba ya toleo lake popote limetoka kwingine. Na kama nusu ya darasa imeshindwa kuandika ule mlinganyo lakini maelezo yao kwa mratibu yana mantiki, shida ni aljebra, nayo inafundishwa kwa kipindi kimoja. Swali libakize.

Mwakani usilirudie kwa kubadilisha namba tu, kwa sababu jibu lake litakuwa limeshaingia kwenye desa la waliotangulia. Geuza upande: mratibu awe na wasiwasi na majibu hasi ya Ziwani, wale watu 20 waliopita kati ya 590, na ulizia nani arudiwe kupimwa homa isipoisha.

Mambo mawili yasiamuliwe peke yako mezani. Kabla ya kubadilisha uzito wa alama, kaa na mratibu wa mitihani wa chuo na wanaohakiki maswali. Swali lenye majibu zaidi ya moja yanayokubalika hukataliwa kirahisi na mhakiki asiyelizoea, kwa hiyo nenda na mwongozo pamoja na majibu mawili tofauti uliyoyaandika mwenyewe, yote ya alama za juu. Na kama mtihani wa mwisho hautungwi na chuo chenu, uliza kwanza mabadiliko yanaruhusiwa mpaka wapi kwenye majaribio ya ndani. Jambo la pili ni udanganyifu. Karatasi mbili zinazofanana haziwi ushahidi kwa kufanana tu, kwani walisoma kwa mwalimu mmoja. Mwite kila mmoja kwa wakati wake, mpe karatasi tupu, mwambie chanya za Mlimani sasa ni 86, umwache dakika tano. Aliyeandika jibu lake ataanza na 0.95. Asiyeweza kuanza, mpeleke kwenye utaratibu wa chuo akiwa na karatasi zote mbili, na hukumu usiitoe wewe.